Usimuulize Baba Shamba, Muulize Nani Atamwogesha

Wadau, leo nina mada ambayo najua itanikosanisha na watu, hasa nyinyi mnaoshuka nyumbani Desemba. Msinikujie kabla hamjamaliza kusoma.

Kuna kikao kinafanyika kila mwisho wa mwaka huku kwetu, kuanzia Mtwapa mpaka Marafa. Kaka mkubwa amekuja kutoka Nairobi, dada ametuma pesa kutoka Saudia, mbuzi amechinjwa. Watu wakishashiba, viti vya plastiki vinapangwa chini ya mwembe, mzee anaitwa, na yule mwenye pesa anakohoa kidogo halafu anaanza: "Baba, umri nao umeenda. Ni vizuri tujue mambo yako yamekaaje. Hati ya shamba iko wapi?" Mzee anaangalia chini. Anasema tutaongea. Anainuka kwenda kuangalia mbuzi waliobaki, na hayo mazungumzo hayarudi tena mpaka siku ya matanga.

Jamaa naye anarudi Nairobi, anaandika ati wazee wa Pwani wanaogopa kifo, ati mila imewafunga midomo. Mimi hiyo nimeikataa kabisa. Wazee wetu hawaogopi kifo. Wanatuogopa sisi. Na wana sababu.

Hebu fikiria kwanza kama kweli hawa ni watu wa kuogopa kifo. Hapa Malindi mjini kuna mama wa Kiislamu ambao sanda yao iko sandukuni, imekunjwa vizuri na udi juu, na wenyewe wako sokoni wanabishana bei ya samaki. Nyumba za Kigiriama za huku Ganda zina bibi mwenye kadi ya chama cha kuzikana, na ile kadi anaitunza kuliko kitambulisho. Mila yenyewe ya Kigiriama inasema mtu akifa na jambo lake halijatengenezwa, atakuja ndotoni kudai. Watu wazima wanaamka asubuhi wanatafuta kuku na mnazi kwa ajili ya koma. Mzee wa chama cha Gohu akifa, akamtokea mtu wa familia, anachongewa kigango cha mbao na kusimamishiwa pale nyumbani. Yaani hawa ni watu wenye adabu nzima ya kusikiliza matakwa ya mtu aliyekufa. Lakini kumuuliza akiwa hai, amekaa pale kibarazani anakunywa chai, tunashindwa. Tunasubiri atuletee kwenye ndoto.

Sasa kwa nini ananyamaza? Kwa sababu anaishi Kilifi na ana masikio. Katika kaunti hii wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi anayewaita hivyo si jirani wa mbali, ni mtoto au mpwa. Ukichimba chini ya hiyo tuhuma, mara nyingi unakuta shamba. Kule Ganze pako mahali panaitwa Kaya Godoma, ambapo wazee waliotishiwa kuuawa na watu wao wamekimbilia na kulelewa. Kuna wazee wanapaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisionekane. Si urembo huo, ni kujiokoa.

Kwa hivyo unapomkalisha mtu kama huyo kwenye kiti, vijana watano wamemzunguka, ukamwambia "umri umeenda" na kwenye pumzi hiyo hiyo ukataja hati ya shamba, yeye hasikii upendo. Anasikia kwamba anahesabiwa siku. Hata kama wewe ni mtoto mzuri kuliko wote duniani, sentensi yako inafanana na sentensi ya muuaji. Na mzee hana njia ya kukutofautisha.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mambo ya kuuguzwa na mambo ya urithi ni mazungumzo mawili, na tumeyafunga kwenye furushi moja. Shamba limekuwa kubwa mpaka limefunika mtu. Tunajua ekari, tunajua minazi mingapi, tunajua mpaka unapita wapi. Lakini siku mzee anaanguka na kiharusi, mdomo umepinda, hawezi kusema, daktari anauliza "mzee mwenyewe angependa nini?", watoto saba wanaangaliana kwenye korido kama wageni. Hapo anayeamua ni anayelipa bili. Na anayelipa bili mara nyingi ndiye aliyekaa mbali zaidi, na ndiye anayemjua mzee kidogo kuliko wote.

Ninavyosema mimi, mazungumzo ya kuuguzwa ndiyo yatangulie, na shamba lisitajwe. Usitaje hata kwa utani. Mzee mwenyewe akilitaja, mwambie, "Baba, hilo ni lako, utalisema siku yako na watu wako. Mimi leo nauliza mambo ya mwili wako." Sentensi hiyo moja inafanya kazi kubwa, kwa sababu inamwonyesha unajua anachoogopa, na unakiweka pembeni bila kumtia aibu.

Nitawaeleza ya kwetu ndiyo muone inavyokwenda, kwa sababu maneno matupu hayamsaidii mtu.

Baba yangu ana miaka 70, ana kisukari cha muda mrefu, na anahudhuria kliniki. Mimi ndiye kitinda mimba, niliyeacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo mimi ndiye niko nyumbani na mimi ndiye wa kumpeleka. Sikumwita kikao. Nilichagua siku ya kliniki, tukiwa tunarudi, tumeshuka kwenye tuktuk tunamalizia njia kwa miguu. Siku hiyo ugonjwa uko mezani tayari, hakuna anayeshtuka ukitajwa. Tena mnatembea bega kwa bega, hamtazamani usoni, na hilo kwa wanaume wa huku linasaidia kuliko mnavyofikiri. Kama mzee wako hatembei, kaa naye mkifua nazi au mkichambua mchicha. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unalegea.

Sikuanza na yeye. Nilianza na jirani yetu aliyekuwa amekatwa mguu kwa sababu ya kisukari hicho hicho. Nikasema, "Baba, wale watoto wa pale walibishana wiki nzima kama akatwe au asikatwe, na mwenyewe hajitambui." Baba akatikisa kichwa. "Walimchelewesha," akasema. Nikaacha kidogo, tukapita kwenye mikorosho, ndiyo nikauliza: "Ingekuwa ni wewe, ungetaka nani aseme?"

Angalieni nilichouliza. Sikumuuliza "ukifa". Sikumuuliza hata "ukizidiwa". Nilimuuliza nani aseme. Kumchagua msemaji ni jambo la heshima, mzee amezoea kuchagua msemaji kwenye posa na kwenye mahari. Hilo linampandisha cheo, halimlazi kitandani. Alitembea kimya hatua nyingi. Halafu akasema, "Dada yako wa Gede. Huyo hana papara." Hakumtaja kaka mkubwa anayelipa. Hakunitaja mimi niliyekuwa naye pale njiani. Nikajibu, "Sawa, Baba," nikabadilisha habari tukaongea mpira. Siku hiyo iliishia hapo, swali moja tu.

Nasisitiza hiyo ya swali moja kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Ukipata upenyo usimwage orodha nzima kama karani wa sensa. Swali moja, jibu moja, muachie usiku alale nalo. Mzee akikurudia mwenyewe baada ya siku mbili tatu na kuongeza kitu, ujue mlango uko wazi. Wangu alirudi kesho yake asubuhi, akiwa anapiga mswaki: "Lakini huyo dada yako asije akaniogesha."

Na hapo, wadau, ndipo nilipoelewa kwamba sisi vijana tunajiandaa kwa mtihani ambao si wenyewe. Sisi tunafikiria mashine ya kupumulia na mochwari. Wao wanafikiria nani atawaona uchi. Kwa baba wa Kigiriama au wa Kiswahili, kuogeshwa na binti yake ni aibu nzito, na kuogeshwa na mke wa mwanawe ni jambo la kumfanya aombe kufa haraka. Mkwe hata kukaa naye kitanda kimoja hakai. Lakini nyumba ngapi mnazijua ambazo mzee akilala, kazi ya kumgeuza, kumfuta na kumbadilisha inaangukia kwa huyo huyo mkwe, kwa sababu ati ni mwanamke na yuko nyumbani? Mzee ananyamaza, anaanza kukataa maji ili asijikojolee. Anaanza kukataa chakula. Nyinyi mnasema amekata tamaa ya kuishi. Hakukata tamaa, ameona haya. Kabla hamjatafuta mganga au dripu, ulizeni ni nani anaingia chumbani na beseni.

Kwetu ilikuwa hivi: baba aogeshwe na mimi au na mtoto wa kiume wa shangazi, mama asaidie usiku, mlango ufungwe. Jambo hilo halina gharama hata ya shilingi moja. Lakini bila kuuliza, tusingelijua mpaka limeshamwumiza.

Swali la tatu lilikuja wiki nyingine, nalo ni la mguu. Baba alisema wazi, "Mimi sikatwi." Hapa kuna mtego. Ukiandika hiyo kama ilivyo, umeandika hofu, hujaandika uamuzi. Nilimwomba tulipeleke swali kliniki, yeye mwenyewe aulize. Mhudumu akamweleza taratibu: kidonda cha kisukari kikianza kuoza, mara nyingi mwanzoni panaweza kutolewa kidole tu. Watu wakichelewa kwa kukataa, uozo unapanda, na mkato unapanda nao hadi juu ya goti, au sumu inaingia kwenye damu na kuua. Baba hakuwa amelijua hilo. Kwake "kukatwa" kulikuwa ni paja, kama la jirani. Jioni akabadilisha mwenyewe: kidole wakate, unyayo wakate, mradi atarudi nyumbani. Lakini kama madaktari wanasema mwili umeshachoka na kukata hakutamrudisha, basi wasimkate kwa ajili ya kuridhisha watoto. Apewe dawa ya maumivu, arudishwe Ganda.

Mnaona tofauti? Matakwa ya mzee ni maneno yanayobadilika akipata habari, kwa hivyo kazi yako ni kumpa habari kabla hujamshikia neno. Na kila hali yake inapobadilika, akilazwa, akipatikana na ugonjwa mwingine, unauliza tena. Neno la mwaka juzi linaweza kuwa limekwisha muda.

Kwenye hiyo dawa ya maumivu niongeze kitu, maana najua mtaani kuna hadithi. Ugonjwa ukishafika pasipoponeka, kuna matibabu ya kupunguza maumivu na kumtunza mtu, ambayo hayasubiri mtu awe anakata roho. Huku Pwani ziko huduma za aina hiyo, mojawapo ni Coast Hospice ya Mombasa. Mofini ya maji ya kunywa ni sehemu ya matibabu hayo kwa maumivu makali, hasa ya saratani. Watu wengi wanaikataa wakidhani ni sindano ya kumaliza mtu. Ikipimwa na wahudumu wanaojua, kazi yake ni kumfanya mgonjwa alale usiku na aweze kuongea na wajukuu mchana. Tabu yake inayojulikana ni kufunga choo, na hiyo ina dawa yake. Mzee anayejua kwamba maumivu yanaweza kutulizwa anaongea kwa uhuru zaidi, kwa sababu wengi hawaogopi mwisho, wanaogopa kupiga kelele mbele ya watu.

Haya, tuje kwenye karatasi. Mimi si wakili, lakini sheria imeandikwa na inasomeka. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kifungu cha 9, inasema mgonjwa akiwa hawezi kutoa ridhaa mwenyewe, inaweza kutolewa na mtu ambaye mgonjwa alimpa mamlaka kwa maandishi. Kama hakuna aliyepewa mamlaka, ndipo inaenda kwa jamaa wa karibu. Sasa "jamaa wa karibu" kwenye familia yenye wake wawili na watoto kumi na moja ni kitu gani kama si vita? Ukurasa mmoja wa daftari unavizuia. Ya baba yangu ina sentensi nne tu, tukaiandika kwa maneno yake mwenyewe: jina lake na namba ya kitambulisho, kwamba akishindwa kusema binti yake fulani ndiye atamsemea kuhusu matibabu, yale ya mguu na ya kurudishwa nyumbani, na ya kuogeshwa. Akaweka sahihi na tarehe. Baba mdogo na mzee mmoja wa kanisa lake wakaweka sahihi kama walioshuhudia. Nilitaka mashahidi wawe watu ambao hawagawiwi chochote na wanaoheshimika, ili asije mtu akasema kitinda mimba alimshika mzee mkono. Nakala moja iko kwa dada, moja iko ndani ya kitabu cha kliniki, na picha iko kwenye simu zetu sote.

Kuna mtu atauliza, hiyo karatasi inamlazimisha daktari kila kitu? Hapana. Inamwonyesha wa kuongea naye, na inamwonyesha mzee alitaka nini. Na inawanyamazisha watoto, jambo ambalo kwa familia nyingi ni nusu ya matibabu.

Kwenye mazishi msijidanganye na karatasi. Kenya ilishapata somo lake. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, mjane wake Wambui akasema mumewe alitaka kuzikwa Nairobi upande wa shamba lao, ukoo wa Umira Kager ukasema anarudi Nyalgunga, Siaya. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, maiti imelala mochwari, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga. Tangu hapo mahakama huyasikiliza matakwa ya marehemu kuhusu mazishi, lakini hayazifungi. Kwetu huku ugomvi unakuja na sura nyingine: mzee alisilimu uzeeni, nusu ya watoto ni wa kanisa, nusu wanataka azikwe leo leo kabla jua halijazama. Au mzee ni mlokole na ukoo unataka mila. Karatasi haitoshi hapo kwa sababu watakaobisha hawajaiona na hawakuulizwa. Kinachotosha ni mzee mwenyewe kusema kwa mdomo wake, mbele ya wale watakaobisha, siku ambayo hakuna maiti. Mwombe amwite baba mkubwa, amwite imamu au mchungaji, awaambie yeye. Wewe peleka chai ukae kimya. Ukoo unaweza kumbishia mjane. Ni vigumu sana kubishana na neno ambalo kila mzee wa ukoo alilisikia.

Sasa dalili za kwamba umekosea njia, maana zinajulikana. Mzee akisema "mna haraka na mimi?", simama hapo hapo. Usijitetee, usiape kwamba unampenda. Sema "nimekusikia, Baba", urudi kwenye jambo la leo, dawa imebaki ngapi, mguu unaumaje. Akianza kukubali kila kitu haraka haraka, "sawa, sawa, fanyeni mnavyotaka", usifurahi. Huyo hajakubali, amejisalimisha, na hilo neno lake usiliandike. Na ukiona baada ya mazungumzo anakataa chakula kilichopikwa na nyumba fulani, au anaanza kulala kwa jirani, ujue hofu imeingia ndani kabisa. Hapo wewe si mtu wa kuendelea. Tafuta mtu anayemwamini na asiye na faida yoyote, rafiki yake wa zamani au dada yake, amsikilize kwanza anaogopa nini. Na kama kweli kuna mtu nyumbani ameanza kumwita mchawi, basi haya yote niliyoandika yasubiri, kwanza ni usalama wake, chifu na polisi wajue.

Pia chagueni siku. Msifungue mada hii kwenye matanga ya rika lake, hata kama inaonekana ndiyo nafasi. Yule amemzika mwenzake asubuhi, na nyinyi jioni mnampima. Na msije kundi. Mtu mmoja, yule anayekaa naye, ndiye aanze. Mlio mbali mnaweza kusaidia kwa kukubali mapema kwamba pesa mnayotuma ni ya kumtunza, si ya kununua kura.

Najua nitajibiwa kwamba kumtaja mtu kifo ni kumwitia. Nakubali, wala sijakutuma umtaje. Rudi usome, kwenye maswali yangu yote hakuna neno kifo. Kuna nani aseme, nani akuogeshe, ungetaka urudishwe wapi. Lugha yetu ina upole wa kutosha kwa kazi hii, shida ni kwamba tumeenda kwa wazazi na lugha ya wakili.

Na nitajibiwa kwamba shamba nalo lazima lisemwe, la sivyo mahakama ya Malindi itajaa. Ni kweli. Lakini mwachieni mzee ufunguo. Akiwa tayari mwenyewe, ajue mambo mawili tu kwa kuanzia. Kama si Mwislamu, wosia wa mdomo chini ya Sheria ya Urithi unahitaji mashahidi wawili au zaidi, na unashika tu kama amefariki ndani ya miezi 3 tangu autamke. Kwa hivyo lile neno alilosema miaka mitano iliyopita chini ya mwembe, ambalo wote mnalikumbuka kila mtu kivyake, halimsaidii mtu. La kudumu ni la maandishi, na sahihi yake, na mashahidi wawili wasiorithi. Kama ni Mwislamu, mambo yake yanaenda kwa sheria ya Kiislamu na kwa kadhi: wosia wake hauzidi theluthi moja ya mali, na haumwongezei mtu ambaye tayari ni mrithi, isipokuwa warithi wenzake wakikubali baada yake. Hayo akayaulize yeye, kwa miguu yake, na mtu aliyemchagua. Ukimwona anaenda, mpe nauli ya tuktuk, usimwombe kumsindikiza.

Mzee ambaye ameulizwa juu ya mwili wake na akaheshimiwa, atakuja kukuambia juu ya shamba. Aliyeulizwa shamba kwanza hatakuambia hata mahali panapomuuma.

Kwa hivyo wewe unayepanga kushuka Desemba hii, viti viache kwenye stoo. Pigia simu yule anayeishi na mzee umuulize kitu kimoja: nani humkata baba kucha za miguu? Kama hujui jibu, huna haki bado ya kuuliza hati iko wapi.